Faida Iko Kwenye Karatasi, Fedha Iko Wapi?

Mwenye kiwanda kidogo akifunga hesabu za mwaka hupewa karatasi yenye mstari mmoja anaoutafuta kabla ya mingine yote: faida baada ya kodi. Akienda benki kuchungulia akaunti, mara nyingi hukuta kiasi kingine kabisa. Kuna mwaka atakuta fedha nyingi kuliko faida, na kuna mwaka atakuta karatasi inamsifu huku akaunti ikiwa tupu. Mhasibu hajamwibia wala hajakosea. Karatasi na akaunti zinajibu maswali mawili tofauti, na anayetaka kujua kama mradi unafaa kuanzishwa hana budi kutoka kwenye jibu la kwanza kwenda kwenye la pili.

Njia ya kutoka huko ni fupi. Unaanza na faida ya mhasibu, unarudisha uchakavu, kisha unatoa fedha zilizotumika kununua mali za kudumu. Hatua hizo zinaandikika kwenye kipande cha karatasi, lakini ndipo makadirio mengi ya miradi yanapoharibikia, kwa sababu watu hufanya hatua moja na kuisahau nyingine, au huzifanya zote bila kujua kwa nini. Tuzipitie taratibu, tukiwa na mradi mmoja mkononi.

Kiwanda cha alizeti

Tuchukue kiwanda cha mfano cha kukamua alizeti mkoani Singida, kilichosajiliwa kama kampuni. Namba zake nimezipanga ziwe rahisi kufuatilia, ila mpangilio wake ni wa kiwanda chochote cha aina hiyo. Mashine ya kukamua, kichujio, mota na kazi ya kuvifunga vinagharimu shilingi milioni 200, zinazolipwa kabla tone la kwanza la mafuta halijatoka. Mashine itafanya kazi miaka 5, na baada ya hapo itakuwa chuma chakavu kisicho na bei ya maana.

Kila mwaka kiwanda kinauza mafuta na mashudu ya milioni 400. Mbegu zilizokamuliwa ziligharimu milioni 240. Mishahara, umeme, madumu na usafiri vinakula milioni 70. Inabaki milioni 90.

Hapo mhasibu anaongeza mstari mmoja zaidi: uchakavu, milioni 40. Ameipata kwa kugawa milioni 200 za mashine kwa miaka 5 ya kazi yake. Faida kabla ya kodi inashuka hadi milioni 50. Kodi ya mapato ya makampuni nchini Tanzania ni asilimia 30, kwa hiyo serikali inachukua milioni 15. Mstari wa mwisho unasomeka faida baada ya kodi, milioni 35.

Sasa hesabu fedha zenyewe zilizopita mkononi. Ziliingia 400. Zilitoka 240 za mbegu, 70 za uendeshaji na 15 za kodi. Kilichobaki ni milioni 75, na karatasi inasema 35. Tofauti ni milioni 40, yaani uchakavu wote, mpaka shilingi ya mwisho.

Kwa nini uchakavu unarudishwa

Milioni 40 za uchakavu hazikulipwa kwa mtu yeyote mwaka huo. Hakuna risiti yake, hakuna fundi aliyekuja kuidai, hakuna hundi iliyoandikwa. Fedha za mashine zilitoka zote siku ya kununua. Anachofanya mhasibu ni kuchukua malipo yale ya siku moja na kuyatandaza juu ya miaka ambayo mashine inafanya kazi, ili kila mwaka ubebe sehemu yake.

Mpangaji wa Dar es Salaam anaujua mchezo huu hata kama hajawahi kusoma uhasibu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa kulipa, mfuko unatoboka. Miezi mitano inayofuata hakuna anayebisha hodi kudai, lakini mpangaji mwenye akili anajua kila mwezi anaishi ndani ya nyumba yenye gharama. Mhasibu anahesabu gharama ya kuishi kila mwezi, na mfuko unahesabu siku ya kulipa.

Mhasibu ana sababu nzuri. Kama angeandika milioni 200 zote kuwa gharama ya mwaka wa kwanza, kiwanda kingeonekana kimepata hasara kubwa mwaka huo na faida nono isiyo ya kweli miaka minne iliyofuata. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, vinavyotumika Tanzania na Kenya, vinataka gharama ya mali igawanywe kwenye miaka ya matumizi yake. Kwa kupima kama biashara ya mwaka huu ilikwenda vizuri, huo ni utaratibu wa haki. Kwa kupima kama mradi utarudisha fedha ulizoweka, unakosesha kitu kimoja kikubwa, yaani tarehe ambayo fedha ilitoka.

Ndiyo maana tunarudisha uchakavu juu ya faida. Mhasibu aliutoa bila fedha kutoka, nasi tunaurudisha ili tubaki na fedha. Milioni 35 na milioni 40 ni milioni 75.

Hapa huzaliwa kosa moja la kimawazo ambalo hata watu wazoefu hulitamka, kwamba uchakavu unaleta fedha. Uchakavu hauleti chochote. Jaribu kukifunga kiwanda mwaka mzima: mauzo sifuri, mbegu sifuri, mishahara sifuri. Mhasibu ataandika uchakavu wa milioni 40 kama kawaida, na karatasi itaonyesha hasara ya milioni 40. Ukirudisha milioni 40 unapata sifuri, na sifuri ndiyo hasa iliyomo kwenye akaunti. Fedha inaletwa na mteja anayenunua mafuta. Kurudisha uchakavu ni kufuta mstari ambao haukuigusa fedha, basi.

Mlango mmoja tu: kodi

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuutoe uchakavu halafu tuurudishe. Si bora tuuache kabisa tangu mwanzo? Jibu limo kwenye kodi.

Tuseme tunauacha. Kiwanda kina milioni 90 kabla ya uchakavu. Asilimia 30 yake ni milioni 27, na mkononi zinabaki 63. Lakini hesabu ya kweli ilituachia 75. Zile milioni 12 za tofauti ni kodi ambayo kiwanda hakikulipa kwa sababu sheria inaruhusu kupunguza uchakavu kabla ya kukokotoa kodi. Ni asilimia 30 ya milioni 40, wala si bahati.

Kwa hiyo mpangilio una maana yake. Uchakavu unatolewa kwanza ili kodi ipatikane sawasawa, halafu unarudishwa kwa sababu wenyewe haukulipwa. Anayeruka hatua ya kwanza anakadiria kodi kubwa kuliko itakavyokuwa. Anayeruka ya pili anakadiria fedha ndogo kuliko zitakavyokuwa.

Kuna jambo la kuangalia hapa. Uchakavu wa mhasibu na uchakavu wa mtoza kodi si lazima ulingane. Mhasibu anachagua miaka kulingana na anavyoiona mashine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 ina makundi yake ya mali na viwango vyake. Kompyuta na magari madogo, kwa mfano, yapo kwenye kundi la asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka, na samani za ofisi zipo kwenye asilimia 12.5. Katika mradi wa kweli, kodi hukokotolewa kwa viwango vya sheria, na vitabu vya mhasibu hubaki na vyake. Kiwanda chetu cha mfano kinachukulia viwili hivyo viko sawa, ili macho yabaki kwenye jambo lenyewe.

Nusu ya pili ya kazi

Mpaka hapa kiwanda kinaingiza milioni 75 kwa mwaka, na kwa miaka 5 ni milioni 375. Anayeishia hapa atafurahi mno. Amerudisha uchakavu wote, yaani amefuta gharama ya mashine kwenye kila mwaka, na hajaiandika popote pengine. Kwa hesabu yake mashine ilidondoka kutoka mbinguni.

Hatua ya pili ndiyo inayomrudisha duniani: kutoa fedha ya kununulia mali, kwenye siku iliyolipwa. Milioni 200 zinaandikwa kwenye mwaka tunaouita 0, kabla ya kazi kuanza. Ukitoa 200 kwenye 375 zinabaki milioni 175.

Sasa tazama jumla ya faida za mhasibu: milioni 35 mara miaka 5 ni milioni 175. Namba ni ile ile. Hiyo ndiyo siri ya zoezi lote. Uchakavu wa miaka 5 na bei ya mashine ni shilingi zile zile, zilizoandikwa kwa tarehe mbili tofauti. Tunapozirudisha upande mmoja na kuzitoa upande mwingine, hatubadilishi jumla ya mradi. Tunaihamisha gharama kutoka tarehe za mhasibu kwenda tarehe ya mlipaji.

Hili linakupa kipimo cha kukagua kazi yako au ya mtu mwingine. Jumlisha faida zote za maisha ya mradi, kisha jumlisha fedha zote za mradi kuanzia mwaka 0 hadi mwisho. Zikipishana, kuna kitu kimehesabiwa mara mbili au hakikuhesabiwa kabisa.

Mwaka wa tatu

Mali ya kudumu hainunuliwi mara moja ikaisha. Mashine ya kukamua hufanya kazi kwa msuguano mkali, na vipande vya ndani vinakwisha. Vile vidogo vinavyobadilishwa kila msimu ni matengenezo ya kawaida, na vimo ndani ya gharama za uendeshaji. Lakini tuseme mwishoni mwa mwaka wa 3 kichujio kimekufa na mota imechoka, na kuvinunua upya kunahitaji milioni 24. Vitatumika miaka miwili iliyobaki, kwa hiyo uchakavu wake ni milioni 12 kwa mwaka.

Mwaka wa 3 karatasi ya mhasibu haitikisiki. Faida ni milioni 35 kama ya mwaka uliopita, kwa sababu vifaa vilinunuliwa mwishoni na uchakavu wake bado haujaanza. Kwenye akaunti zimetoka milioni 24, na fedha za mwaka ni 51 badala ya 75. Mwenye kiwanda aliyezoea kujigawia milioni 75 akisoma karatasi peke yake atapigwa na butwaa siku ya kulipa mishahara.

Mwaka wa 4 mambo yanageuka. Uchakavu sasa ni 40 na 12, jumla 52. Faida kabla ya kodi inashuka hadi milioni 38, kodi ni 11.4, na faida baada ya kodi ni 26.6. Atakayeangalia faida tu atasema kiwanda kimeyumba. Rudisha uchakavu wa 52 juu ya 26.6 na utapata milioni 78.6. Fedha imepanda kutoka 75, kwa sababu uchakavu mpya umepunguza kodi kwa milioni 3.6. Faida imeshuka na fedha imeongezeka katika mwaka ule ule, na mauzo hayakubadilika hata kwa shilingi moja.

Magunia yaliyo ghalani

Kwa kiwanda cha alizeti hatua mbili hazitoshi, na sababu iko shambani. Alizeti huvunwa kwa msimu, kuanzia Mei hadi Julai hivi, wakati mafuta yanauzwa mwaka mzima. Asiyenunua mbegu wakati wa mavuno atazinunua baadaye kwa bei ya juu, au mashine yake italala. Kwa hiyo kabla ya kuanza, kiwanda kinahitaji magunia ya milioni 60 ghalani, na kila kinapoyatumia kinayajaza tena.

Mhasibu hahesabu magunia yale kuwa gharama mpaka yakamuliwe na mafuta yauzwe. Hivyo milioni 60 hazionekani popote kwenye faida, wala hazimo kwenye mali za kudumu, ilhali zimetoka mfukoni. Tunazitoa mwaka 0. Mwisho wa mwaka wa 5, kiwanda kinapomaliza akiba ya mwisho bila kununua nyingine, zinarudi. Huu ndio mtaji wa uendeshaji. Mafuta yaliyochukuliwa kwa mkopo na wauzaji wa jumla yangeingia hapo hapo, maana mhasibu ameshayaandika kuwa mauzo kabla fedha haijafika.

Sasa mradi mzima unaweza kukaa kwenye jedwali moja, kwa mamilioni ya shilingi:

| | Mwaka 0 | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Faida baada ya kodi | – | 35 | 35 | 35 | 26.6 | 26.6 |
| Kurudisha uchakavu | – | 40 | 40 | 40 | 52 | 52 |
| Kutoa ununuzi wa mali | −200 | – | – | −24 | – | – |
| Mtaji wa uendeshaji | −60 | – | – | – | – | 60 |
| Fedha ya mradi | −260 | 75 | 75 | 51 | 78.6 | 138.6 |

Pima kwa kipimo chetu. Jumla ya mstari wa kwanza ni milioni 158.2. Jumla ya mstari wa mwisho, pamoja na zile 260 zilizotoka, ni milioni 158.2. Hesabu imefunga.

Kama jumla ni moja, tunahangaika nini?

Tunahangaika kwa sababu ya tarehe. Milioni 260 zinatoka leo, na zinarudi kidogo kidogo kwa miaka 5. Tuseme fedha za mradi huu zinagharimu asilimia 16 kwa mwaka, ama kwa sababu benki inatoza hivyo au kwa sababu mwenye fedha angeweza kuzipatia pato hilo mahali pengine penye hatari kama hiyo. Shilingi 116 za mwakani basi ni sawa na shilingi 100 za leo. Milioni 75 za mwaka wa kwanza zina thamani ya leo ya takriban milioni 64.7. Milioni 138.6 za mwaka wa 5, ambazo kwa macho ni nyingi kuliko zote, zinashuka hadi milioni 66.

Ukizishusha zote hivyo na kuzijumlisha unapata takriban milioni 262.5. Toa 260 na utabaki na milioni 2.5. Mradi uliokuwa na faida ya milioni 158 kwenye vitabu unavuka mstari kwa ukucha.

Hapo ndipo kila hatua iliyosahaulika inapoonyesha meno yake. Mtu anayechukua faida bila kurudisha uchakavu, kisha akatoa tena bei ya mashine, anaitoza mashine mara mbili. Atapata pengo la karibu milioni 141 na ataukimbia mradi ambao ungemlipa. Anayerudisha uchakavu vizuri akasahau kichujio cha mwaka wa 3 ataona ziada ya karibu milioni 18. Anayesahau magunia ya ghalani ataona karibu milioni 34, na kwa furaha hiyo anaweza kukubali bei ya mashine ambayo mradi hauwezi kuibeba.

Riba nayo ina mtego wake. Katika karatasi ya mfano wetu haimo, na nimeiacha makusudi. Ile asilimia 16 tunayoitumia kushusha thamani tayari ndiyo bei ya fedha. Karatasi nyingi za wahasibu zina mstari wa riba juu ya mstari wa faida. Ukianza na faida hiyo kisha ukashusha thamani kwa asilimia 16, umelipa riba mara mbili. Kabla ya kuanza, ondoa riba kwenye karatasi, kokotoa kodi upya bila riba hiyo, halafu ndipo uendelee.

Somo la WorldCom

Nguvu ya kutoa ununuzi wa mali ilionekana Marekani mwaka 2002. Kampuni ya simu ya WorldCom ilikuwa ikizilipa kampuni nyingine kwa kutumia laini zao. Hayo yalikuwa matumizi ya kawaida, ya kupunguza faida mwaka ule ule. Wakubwa wake waliyahamisha na kuyaandika kama ununuzi wa mali za kudumu. Gharama ya mwaka mmoja ikageuka mali ya miaka mingi, na faida ikanenepa kwenye karatasi. Mkaguzi wa ndani, Cynthia Cooper, na timu yake waliyafukua maandishi hayo. Mwezi Juni mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 ziliandikwa mahali pasipostahili, na mwezi uliofuata ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwaka 2005 mkuu wake, Bernard Ebbers, alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Pitisha ujanja ule kwenye jedwali letu uone. Ukitoa gharama kwenye uendeshaji, faida inapanda. Ukiiweka kwenye ununuzi wa mali, mstari wa tatu unashuka kwa kiasi kile kile. Ukiacha kodi pembeni, fedha ya mradi haisogei hata kidogo. Aliyetazama faida peke yake alidanganyika, na pia aliyetazama faida pamoja na uchakavu. Aliyeendelea hadi hatua ya pili alikuwa na mstari ambao uongo ule haukuweza kuugusa.

Mwekezaji Warren Buffett alikuwa ameligusia jambo hili kwenye barua yake ya mwaka 1986 kwa wenye hisa wa Berkshire Hathaway. Alipendekeza pato la mwenye mali lipimwe kwa kuchukua faida, kuongeza uchakavu na gharama nyingine zisizo za fedha, kisha kutoa wastani wa matumizi ya kila mwaka yanayohitajika ili biashara ibaki na uwezo wake. Ni hatua zetu zile zile, ila kwa kampuni ambayo imeshasimama.

Mahali pa kutazama

Kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi hutoa taarifa ya mtiririko wa fedha pamoja na hesabu zake za mwaka. Nyingi huanza na faida, na chini yake uchakavu unarudishwa. Watu wengi huishia kwenye jumla ya sehemu hiyo ya kwanza, ya shughuli za uendeshaji, kwa sababu ni kubwa na inapendeza. Shuka hadi sehemu ya pili, ya uwekezaji, na utafute mstari wa ununuzi wa majengo, mitambo na vifaa. Toa huo kwenye ile jumla.

Kisha linganisha ununuzi huo na uchakavu kwa miaka kadhaa mfululizo. Kampuni ambayo mwaka baada ya mwaka inanunua mali kidogo sana kuliko uchakavu wake inaweza kuwa imemaliza ujenzi mkubwa hivi karibuni na inapumzika. Inaweza pia kuwa inakamua mitambo ya zamani bila kuibadilisha, na fedha inayoonekana leo ni ya kichujio kitakachokufa kesho. Mfumuko wa bei unaongeza ugumu, maana uchakavu hukokotolewa kwa bei ya zamani ya mashine, na mashine mpya itanunuliwa kwa bei ya siku hiyo.

Kwa kiwanda chetu cha Singida, uamuzi wangu ni huu: kwa bei ya mashine ya milioni 200 kisianzishwe bado. Milioni 2.5 ni kinga ndogo mno kwa mradi unaotegemea mvua na bei ya alizeti, na msimu mmoja mbaya unaimeza yote. Muuzaji wa mashine akipunguza milioni 20, au benki ikikubali riba ya chini, kaa mezani mzungumze. Na kabla ya kutia sahihi popote, mwombe mhasibu wako mistari mitatu kwa kila mwaka wa mradi: uchakavu ni kiasi gani, mali gani itanunuliwa na mwezi gani, na ghalani kutalala fedha kiasi gani. Akikupa faida peke yake, mrudishie karatasi.